Kwa nini “chumbani humu” na si “chumbani hiki”

Swali: “Nafundisha Kiswahili watu wazima wanaoanza, jioni mbili kwa wiki. Katika zoezi la kujaza nafasi niliandika ‘Weka kitabu ____ mezani’ nikitarajia ‘hiki’. Wanne waliandika ‘hapa’, mmoja ‘hii’. Sentensi nyingine ilikuwa ‘Watoto wanacheza chumbani ____’, na karibu darasa zima liliandika ‘hiki’. Nasikia kwamba hiyo ya pili si sawa, lakini mwanafunzi mmoja aliniuliza: chumba ni ngeli ya KI-VI, sasa kwa nini chumbani isiwe hiki? Nilishindwa kumjibu. Nisahihisheje, na zoezi lenyewe nilitungeje?”

Mwalimu mwenzangu, nianze na wale wanne walioandika “hapa”: wape alama zao. “Weka kitabu hapa mezani” ni Kiswahili safi, na huenda wewe mwenyewe ndivyo unavyosema nyumbani mtu akikuletea kitabu. Hawakukosea kitu. Nafasi uliyowaachia ilikuwa na majibu mawili sahihi, nawe uliandaa moja. Nitarudi hapo baadaye, kwa sababu kasoro hiyo ya kutunga ndiyo inayowaumiza wanafunzi wengi wa mwanzo bila mwalimu kujua. Kwanza tumjibu aliyekuuliza kuhusu chumbani.

Mwanafunzi huyo ameshika somo la ngeli vizuri. Kilichompoteza ni kwamba hakuna aliyemweleza -ni inafanya nini hasa. Wengi wetu tunaifundisha kama kijineno cha kusema “ndani ya” au “kwenye”: hii ni meza, hii ni mezani, hiki ni chumba, hiki ni chumbani. Mtu anaondoka akiamini kwamba chumbani ni chumba kilekile kilichoongezwa mkia. Akishaamini hivyo, “chumbani hiki” ni jibu la mtu anayefikiri, maana anafuata kanuni uliyomfundisha wiki mbili zilizopita.

Ukweli ni kwamba -ni inapoingia, nomino inahama ngeli. Chumba ni kitu, na kitu hicho kiko KI-VI. Chumbani ni mahali, na mahali pana ngeli yake, ile tunayoiita PA-KU-MU. Usimwombe mwanafunzi akuamini tu, mwonyeshe. Andika ubaoni jozi hizi tatu na umwambie aangalie mwanzo wa kitenzi:

Chumba kimejaa moshi. Chumbani mmejaa moshi.
Meza imejaa vyombo. Mezani pamejaa vyombo.
Shamba limekauka. Shambani kumekauka.

Chumba, meza na shamba zinatoka katika ngeli tatu tofauti, na upande wa kushoto kila moja inadai kiambishi chake: ki-, i-, li-. Upande wa kulia tofauti hizo zote zimefutika. Hakuna tena ki- wala i- wala li-. Kuna m-, pa- na ku- peke yake, na hizo hazisemi lolote kuhusu kitu, zinasema mahali pa namna gani. Sasa kama kitenzi kimekubali kwamba ngeli imehama, kiashiria hakiwezi kubaki nyuma. Chumba hiki, lakini chumbani humu. Meza hii, lakini mezani hapa. Shamba hili, lakini shambani huku. Hilo ndilo jibu la swali lake, na sikio lako lilikuwa limelijua siku zote.

Kuna ushahidi mwingine ambao mwanafunzi wako tayari anao mdomoni. Karibu kila anayeanza Kiswahili hujifunza “karibu nyumbani kwetu” mapema sana, kama salamu tu. Mwulize: nyumba ni I-ZI, tunasema nyumba yetu, mbona hatusemi “nyumbani yetu”? Atanyamaza kidogo, kisha atakuambia mwenyewe. Kimilikishi kimefuata mahali, si nyumba. Mimi hupenda kupitia mlango huo kuliko mlango wa jedwali la ngeli, kwa sababu mwanafunzi anagundua kwamba alishaitumia kanuni kabla hajaisikia.

Na ukitaka mfano wa maandishi, fungua gazeti lolote la Kiswahili. Waandishi wa habari hawaishi kuandika “jijini hapa”, “mkoani humo”, “nchini humu”, “wilayani hapa”. Jiji ni LI-YA, mkoa ni U-I, nchi ni I-ZI, lakini hakuna anayeandika “jijini hili” wala “mkoani huo”. Kata vipande vitano sita vya namna hiyo, wape wanafunzi wavitafute wenyewe katika aya. Kwa mtu mzima anayejifunza, kuiona kanuni ikifanya kazi katika habari ya kweli kunamkaa kuliko sentensi zetu za kubuni.

Kuhusu kuunda viashiria vyenyewe sitakaa sana, lakini kuna jambo moja litakalowapunguzia mzigo wa kukariri. Kiashiria cha karibu ni h-, irabu, kisha kiambishi cha ngeli, na irabu ya katikati inaiga ile ya kiambishi: ki inazaa hiki, li inazaa hili, zi inazaa hizi, wa inazaa hawa. Kwa mahali ni vilevile: pa inazaa hapa, ku inazaa huku, mu inazaa humu. Cha mbali ni kiambishi na -le: kile, lile, pale, kule, mle. Na kile cha kitu kilichotajwa au kilicho karibu na msikilizaji kinaishia na -o: hicho, hilo, hapo, huko, humo. Mwanafunzi akiona kwamba hapa, huku na humu zimeundwa kwa mkono uleule ulioiunda hiki na hili, ataacha kuzichukulia kama maneno ya pembeni yasiyohusiana na somo la ngeli. Tatizo letu ni kwamba hapa huwa tunaifundisha siku ya kwanza kama neno tu, na hiki tunaifundisha mwezi wa pili kama sarufi, kisha tunashangaa mtu hazioni kuwa ndugu.

Kabla ya kurudi kwenye kitabu chako na meza yako, mpe mwanafunzi njia ya pili, kwa sababu ataihitaji. Akitaka kubaki na “hiki”, aiache -ni na atumie katika, kwenye, ndani ya au juu ya: katika chumba hiki, kwenye meza hii, ndani ya nyumba ile. Hapo nomino haikuguswa, ngeli haikuhama, na kiashiria kinafuata kitu chenyewe. Njia hii inafaa hasa anapotaka kuongeza sifa. “Katika chumba kikubwa hiki” haina shida. Ila akijaribu kuibandika “kikubwa” kwenye chumbani atakwama palepale alipokwama na hiki. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuzichanganya njia mbili: “katika chumbani”, “ndani ya nyumbani”. Mwambie mahali panatajwa mara moja. Ama kwa -ni, ama kwa neno linalotangulia.

Sasa “Weka kitabu ____ mezani”. Iangalie nafasi hiyo ilivyokaa. Kushoto kwake kuna kitabu, kulia kwake kuna mezani. Kiashiria cha Kiswahili kwa kawaida hufuata nomino yake, kwa hiyo wewe uliyetunga uliiona nafasi ikiwa mali ya kitabu: kitabu hiki. Lakini viashiria vya mahali vina tabia ya kupenda kutangulia. Sikiliza watu wakizungumza: hapa nyumbani, kule shambani, huku kijijini, mle chumbani, pale sokoni. Ni kweli unaweza kusema “shambani kule”, na magazeti yanaandika “jijini hapa”, ila katika mazungumzo kiashiria cha mahali mara nyingi hutangulia. Kwa hiyo wanafunzi wanne waliiona nafasi ikiwa mali ya mezani: hapa mezani. Nafasi iliyo kati ya kitu na mahali ina wenyewe wawili.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilitunga zoezi lenye kasoro iyo hiyo na nikawatia makosa wanafunzi saba kwa “hapa”. Mmoja aliacha kabisa kutumia kiashiria cha mahali kwa muda mrefu. Kila mara alikwepa, akisema “mezani” basi. Nilimfundisha woga wa kitu alichokuwa akikifanya vizuri. Ndiyo maana nakusihi urudishe zile alama na uwaambie waziwazi kwamba majibu yao yalikuwa sahihi.

Dawa yake ni ndogo. Unaweza kuacha nafasi mbili badala ya moja: “Weka kitabu ____ ____ mezani.” Jibu ni “hiki hapa”, na sentensi nzima inakuwa “Weka kitabu hiki hapa mezani”, ambayo mtu yeyote angeisema. Hapo mwanafunzi analazimika kuonyesha kwamba anajua kila kiashiria kina mwenyewe. Au unaweza kuweka kitenzi katikati ili kitenganishe: “Kitabu ____ kiko mezani.” Baada ya kitabu na kabla ya kiko, nafasi ni ya kitabu bila ubishi. Ukitaka kupima mahali, isogeze mwisho: “Kitabu kiko mezani ____.” Nafasi imehamia upande wa pili na mwenyewe amebadilika.

Yule mmoja aliyeandika “hii” ndiye ninayetaka umfuatilie. “Weka kitabu hii mezani” si sahihi katika Kiswahili sanifu, lakini jibu hilo linaweza kuwa limetokana na mambo mawili tofauti kabisa. Labda aliiona mezani, akakumbuka meza ni I-ZI, akaandika kiashiria cha meza. Huyo ana tatizo lilelile la -ni. Au labda “hii” ndiyo kiashiria pekee alichokishika, na anakiweka kila mahali. Huyo tatizo lake halina uhusiano na -ni. Hajapata ngeli bado. Wako wengi wa namna hii, hasa wanaosikia mazungumzo ya mitaani ya baadhi ya miji, ambako “kitabu hii” na “kiti hii” husikika kila siku.

Sentensi yako haiwezi kuwatenganisha, kwa kuwa meza ni I-ZI na majibu yote mawili yanafanana. Badilisha nomino. Mpe hii: “Weka begi ____ chumbani.” Begi ni LI-YA, chumba ni KI-VI. Sasa kila jibu lina habari yake. Akiandika “hili”, ameifunga nafasi kwenye begi na ngeli anaijua. Akiandika “humu”, ameifunga kwenye chumbani na anajua kwamba -ni imehamisha ngeli. Naye umpe alama. Akiandika “hiki”, ameifunga kwenye chumbani lakini anaiona bado kuwa chumba, na somo lake ni lile la jozi tatu za ubaoni. Akiandika “hii”, hakuangalia begi wala chumba, na unatakiwa urudi naye kwenye ngeli kabla ya kumgusia mahali. Katika zoezi la kwanza la kila darasa jipya sentensi ya aina hii moja inatosha kukuonyesha nani amesimama wapi, mradi nomino mbili usizichague kutoka ngeli moja wala mojawapo isiwe I-ZI.

Tukija kwenye “Watoto wanacheza chumbani ____”, kuna jambo lingine la kulifikiria kabla hujaandika karatasi ya majibu. “Hiki” umeshaelewa kwa nini si sahihi. Lakini je, jibu sahihi ni humu, hapa au huku? Tunafundisha kwamba PA ni mahali mahususi, KU ni eneo la jumla au upande, na MU ni ndani. Mgawanyo huo ni wa kweli, ila mzungumzaji ndiye anayechagua ataliona vipi eneo analolitaja. Aliye ndani ya chumba na watoto atasema “humu”. Anayemwita mwenzake wa sebuleni aje aone anaweza kusema “huku chumbani”. Anayefikiria chumba kama kituo kimoja nyumbani atasema “hapa chumbani”. Zote tatu ni Kiswahili, na kwa chumba zote tatu zina mantiki. Kwa meza hali ni tofauti: “humu mezani” haikai, kwa kuwa meza tunayoijua haina ndani ya kuingia. Kwa hiyo ukitaka jibu moja, lazima sentensi yenyewe ilidai.

Njia nzuri ya kulidai ni kitenzi. “Chumbani ____ mna joto” inataka humu, humo au mle, kwa sababu ya mna. “Mezani ____ pana vumbi” inataka hapa, hapo au pale, kwa sababu ya pana. Lakini jihadhari na kuna. Katika Kiswahili cha leo kuna imekuwa neno la jumla la kusema kitu kipo, na watu husema “hapa kuna watu wengi” na “humu kuna giza” bila mtu kushtuka. Mwalimu anayemtia mwanafunzi kosa kwa “hapa kuna” anamsahihisha kwa kitu ambacho jioni hiyohiyo atakisikia kwa wazungumzaji kumi. Ukiitumia kuna katika zoezi, kubali hapa, huku na humu zote. Hali ni hiyohiyo kwa -ko: “yuko hapa” husemwa kila saa, ingawa “yupo hapa” ndiyo inayolingana kwa herufi.

Umbali nao hauwezi kukisiwa. Hakuna kitu ndani ya “Chumbani ____ mna joto” kinachomwambia mwanafunzi kama anasimama ndani ya chumba au anakionyesha kwa kidole kutoka uani. Humu na mle zote zinaingia. Ama weka mchoro, ama andika mstari mmoja juu ya zoezi: “Uko chumbani. Kila kitu kiko karibu nawe.” Kwa darasa la watu wazima mimi hupendelea mstari wa maneno, kwa sababu michoro yetu ya mishale mara nyingi inazua ubishi mpya kuhusu nani amesimama wapi. Kiashiria cha -o ndicho kigumu zaidi kukitafutia nafasi, kinahitaji sentensi mbili, ya kwanza itaje na ya pili irejelee: “Jana niliingia kwenye chumba cha bibi. Chumbani ____ mlikuwa na giza.” Hapo humo inajileta yenyewe, na huo ndio mtindo uleule wa magazeti: habari inataja mkoa kwanza, kisha inaandika “mkoani humo”.

Ningekuwa wewe, zoezi la wiki ijayo ningelianza hivi, chini ya ule mstari wa “Uko chumbani, kila kitu kiko karibu nawe”:

1. Chumba ____ ni kikubwa.
2. Chumbani ____ mna joto.
3. Katika chumba ____ mna joto.
4. Meza ____ ni chafu.
5. Mezani ____ pana vumbi.
6. Begi ____ liko mezani.
7. Weka begi ____ ____ mezani.

Majibu: hiki, humu, hiki, hii, hapa, hili, hili hapa. Ona kwamba sentensi ya 2 na ya 3 zinasema jambo lilelile, zote zina mna, lakini kiashiria kimebadilika. Hiyo ndiyo jozi ninayotaka uisimamie darasani kwa dakika kumi. Ya 2 ina -ni, kwa hiyo kiashiria kinafuata mahali. Ya 3 ina katika, chumba kimebaki chumba, kwa hiyo kiashiria kinafuata KI-VI. Ila kitenzi bado ni mna, kwa kuwa kikundi kizima cha “katika chumba hiki” kinataja mahali. Mwanafunzi anayeweza kukueleza kwa maneno yake kwa nini 2 na 3 hazifanani ameshalipata somo, hata akiteleza kwenye zile nyingine.

Uchague nomino kwa uangalifu. Chumba, meza, shamba, jiko, soko, mto, njia na mji zinapokea -ni bila vurugu. Majina ya miji yaache kwanza: hatusemi “Nairobini”, tunasema “hapa Nairobi”, kwa maana jina lenyewe tayari ni mahali. Mahali nayo ni mahali tangu ilipozaliwa, kwa hiyo ni “mahali hapa” wala haihitaji mkia. Watu hawapokei -ni. Mtu huenda kwa mwalimu, haendi “mwalimuni”. Na kuna maneno kama hospitali na benki, ambayo watu husema “yuko hospitali” na “nakwenda benki” bila -ni yoyote. Ya namna hiyo yatawachanganya walioanza juzi. Uangalie pia maneno yanayoishia na -ni kwa asili yao: sabuni, jirani, majani, mgeni. Nimewahi kuona zoezi linalomtaka mwanafunzi azungushie duara “maneno ya mahali”, na nusu ya darasa wakaizungushia sabuni. Na “njooni” na “someni” zina -ni ya watu wengi wanaoamrishwa, ambayo haihusiani na hii. Usiyaingize yote hayo kwa pamoja. Mwanafunzi akiuliza, mjibu kwa sentensi moja na uendelee.

Jambo jingine linategemea wanafunzi wako wanatoka wapi. Kama una mtu mwenye wazazi kutoka mashariki mwa Kongo, huenda akaandika “mu nyumba” au “ku soko”. Huyo hana pengo la kujazwa. Kiswahili cha kwao kinaweka mahali mwanzoni mwa nomino, kama zinavyofanya lugha nyingi za Kibantu, na ku na mu hizo ni ndugu wa huku na humu tunazohangaika nazo hapa. Mwambie hivyo, kisha mwonyeshe kwamba katika Kiswahili sanifu mu ya mwanzo imeondoka na -ni imekuja mwishoni, ila mu yenyewe imesalia kwenye kiashiria, kwenye kitenzi na kwenye kimilikishi: chumbani humu, mna, mwangu. Kwa uzoefu wangu wanafunzi hao wanalielewa somo hili haraka kuliko wengine wote. Na mwenye jamaa Nairobi anaweza kukuletea “kwa meza” na “kwa nyumba”; hiyo ni lugha ya mazungumzo ya huko, mtenganishie na ya kuandikia bila kuidharau.

Kuna mahali ambapo karatasi haisaidii. Kama mwanafunzi bado anaandika “hii” kila pahali baada ya mazoezi matatu manne ya aina ya begi na chumbani, usimpe la tano. Kaa naye ana kwa ana robo saa, ndani ya chumba chenye vitu, muongee huku mnavisogeza: weka kikombe hiki hapa, sasa kipeleke kule dirishani, sasa kirudishe humu kabatini. Mkono unaposogea pamoja na kiashiria utamsikia anapokwama ni kwenye ngeli, kwenye umbali au kwenye mahali, jambo ambalo nafasi tupu haikuonyeshi. Na kama wanafunzi wako wanajiandaa kwa mtihani rasmi, zungumza na mwalimu anayesahihisha mtihani huo kuhusu “hapa kuna” na wenzake, kwa kuwa wapo wanaokubali na wapo wanaoshikilia ulinganifu wa herufi kwa herufi, nawe utataka kujua kabla wanafunzi hawajaketi.

Kwa upande wako, kabla ya kuchapisha zoezi lolote la viashiria, mpe mzungumzaji mmoja wa sehemu nyingine alijaze bila kuiona karatasi ya majibu. Kama wewe ni wa Pwani, mpe wa bara. Kama ni wa bara, mpe wa Pwani. Kila mahali atakapoandika jibu ambalo hukulitarajia na bado likakaa vizuri masikioni mwako, hiyo ni nafasi yenye wenyewe wawili: irekebishe, au liandike jibu lake kwenye karatasi yako kando ya lako.